Ripoti iliyobalansi na bado ikawa na makosa: kisa cha taarifa ya mtiririko wa fedha kwa njia isiyo ya moja kwa moja

Kisa hiki ni cha kweli, ila jina la kampuni, mahali ilipo na sarafu yake vimeondolewa. Tarakimu zote zimezidishwa kwa kiasi kimoja ili zisitambulike, kwa hiyo uwiano kati yake umebaki ulivyokuwa. Zisome kama maelfu.

## Usuli

Kampuni hununua bidhaa kwa wingi, huzihifadhi kwenye ghala lake na kuzisambaza kwa maduka. Mali yake kubwa ni jengo la ghala, kisha malori. Ina mkopo kutoka benki moja tu. Mkataba wa mkopo huo una sharti ambalo ndilo lililoipa taarifa hii uzito: kila mwisho wa mwaka, fedha zilizotokana na shughuli za uendeshaji zisipungue asilimia 30 ya deni lote la benki. Zikipungua, benki ina haki ya kudai deni lote lilipwe mara moja.

Mizania ya mwanzo na ya mwisho wa mwaka ilikuwa hivi:

| | Mwanzo | Mwisho | Badiliko |
|---|---|---|---|
| Fedha taslimu na benki | 620 | 410 | −210 |
| Wadaiwa | 1,480 | 1,900 | +420 |
| Stoki | 2,100 | 2,250 | +150 |
| Gharama zilizolipwa kabla | 90 | 60 | −30 |
| Mali za kudumu, kwa gharama | 5,000 | 6,100 | +1,100 |
| Uchakavu limbikizi | (1,800) | (1,950) | −150 |
| Jumla ya mali | 7,490 | 8,770 | +1,280 |
| Wadai | 1,150 | 1,520 | +370 |
| Kodi inayodaiwa | 140 | 190 | +50 |
| Gawio lisilolipwa bado | 0 | 120 | +120 |
| Mkopo wa benki | 2,000 | 2,300 | +300 |
| Mtaji wa hisa | 2,500 | 2,500 | 0 |
| Faida limbikizi | 1,700 | 2,140 | +440 |
| Jumla ya madeni na mtaji | 7,490 | 8,770 | +1,280 |

Taarifa ya faida na hasara ilionyesha faida kabla ya kodi ya 1,000, kodi ya 260, na faida baada ya kodi ya 740. Ndani yake mlikuwa na uchakavu wa 280, riba ya 210 iliyolipwa yote ndani ya mwaka, na faida ya 70 iliyotokana na kuuza malori. Hiyo 70 ilijificha kwenye mstari wa "mapato mengineyo", na tutairudia.

## Rasimu ya kwanza

Mhasibu alifanya kazi yake kwenye lahajedwali, kwa njia isiyo ya moja kwa moja, yaani kuanza na faida na kuirekebisha hadi kufikia fedha. Alitoa salio la mwanzo kwenye salio la mwisho kwa kila mstari, akaugawa kila mstari kwenye fungu lililoonekana kuufaa, kisha akajumlisha. Kanuni ya alama aliijua vizuri: mali isiyo fedha ikiongezeka, fedha zimetumika, deni likiongezeka, fedha zimebaki mkononi. Gawio alilipata kutoka kwenye faida limbikizi. Faida ilikuwa 740, faida limbikizi ikapanda 440 tu, kwa hiyo 300 ilienda kwa wenye hisa.

| Rasimu | |
|---|---|
| Faida baada ya kodi | 740 |
| Uchakavu | 150 |
| Ongezeko la wadaiwa | (420) |
| Ongezeko la stoki | (150) |
| Upungufu wa gharama zilizolipwa kabla | 30 |
| Ongezeko la wadai | 370 |
| Ongezeko la kodi inayodaiwa | 50 |
| Ongezeko la gawio lisilolipwa | 120 |
| Shughuli za uendeshaji | 890 |
| Ununuzi wa mali za kudumu | (1,100) |
| Shughuli za uwekezaji | (1,100) |
| Mkopo uliopokelewa | 300 |
| Gawio | (300) |
| Shughuli za ufadhili | 0 |
| Badiliko la fedha | (210) |

Fedha zilipungua kutoka 620 hadi 410, yaani 210 kamili. Ripoti imebalansi. Kwa upande wa benki, 890 ukigawa kwa 2,300 unapata karibu asilimia 39, juu kabisa ya 30 inayotakiwa. Rasimu ikapanda kwa mkurugenzi wa fedha ikiwa na maelezo mafupi kwamba sharti la mkopo limetimizwa.

## Kilichomshtua mkurugenzi wa fedha

Mkurugenzi hakuanza na jumla. Alianza na mstari wa uchakavu. Taarifa ya faida na hasara, ambayo alikuwa ameshaisoma wiki hiyo, ilisema 280. Rasimu ilisema 150. Ni gharama ileile, ya mwaka uleule, na hakuna sababu yoyote ya kihasibu ya tarakimu hizo mbili kutofautiana.

Akamwita mhasibu, akamwuliza. Jibu lilikuwa la kweli na ndilo lililofungua kisa chote: "Nimechukua tofauti ya uchakavu limbikizi kwenye mizania, bosi. Na ripoti imebalansi."

Macho yake yakahamia kwenye fungu la ufadhili. Mkopo uliopokelewa, 300. Akaomba taarifa za benki za mwaka mzima zitafutwe muamala wa 300 ulioingia kutoka kwa mkopeshaji. Haukuwepo, wala hakuna miamala midogo iliyojumlishwa ikafika hapo.

Hapo akaamua rasimu isitumwe benki wala kwa mkaguzi, na taarifa yote ianzwe upya kwa kufungua kila akaunti badala ya kutoa masalio. Mhasibu aliona hatua hiyo ni kubwa mno kwa kosa la mstari mmoja, kwani angeweza kubadilisha 150 iwe 280. Lakini akibadilisha mstari huo peke yake ripoti haibalansi tena, inapishana kwa 130, na ile 130 lazima iwe imekaa mahali pengine kwa jina la uongo. Hiyo ndiyo hoja iliyomaliza ubishi.

## Kwa nini ripoti mbovu hubalansi

Inafaa kusimama hapa kabla ya kuendelea, kwa sababu ndipo penye kiini cha kisa.

Mizania husema mali ni sawa na madeni pamoja na mtaji, mwanzo wa mwaka na mwisho wake. Basi hata mabadiliko yake ni sawa. Ukihamisha kila kitu upande mmoja na kubakiza fedha peke yake upande wa pili, unapata hivi, Δ ikimaanisha badiliko:

```
Δ fedha = Δ madeni + Δ mtaji − Δ mali nyingine
```

Mtu akichukua tofauti zote za mizania, bila kuacha hata moja, na kuziweka alama sahihi, jumla yake itakuwa badiliko la fedha. Hakuna namna nyingine. Anaweza kuuweka mstari wa mkopo kwenye uendeshaji, wadaiwa kwenye uwekezaji na stoki kwenye ufadhili, na bado atapata 210 pungufu. Kubalansi kunathibitisha mambo mawili tu: kwamba hakuna mstari ulioachwa, na kwamba hakuna alama iliyogeuzwa. Hakusemi neno lolote kuhusu kama fedha zilipita kweli mahali ripoti inaposema zilipita.

Ndiyo maana mhasibu alikuwa na imani na rasimu yake, na imani hiyo haikuwa ya kijinga. Vitabu vingi vya kujifunzia humwambia mwanafunzi kwamba akifika kwenye badiliko la fedha amemaliza. Mifano ya darasani imeandaliwa hivi kwamba kila badiliko kwenye mizania lina sababu moja tu. Kampuni halisi ina mabadiliko yenye sababu tatu au nne zilizokatana, na tofauti ya masalio huonyesha mabaki tu ya mkatano huo.

## Kufungua akaunti

Timu ilichora akaunti ya T, yaani jedwali la pande mbili za kinachoongeza salio na kinachopunguza, kwa kila mstari wa mizania, na kuweka sheria moja: kila tarakimu ndani ya akaunti iwe na hati nyuma yake, iwe ni ankara, mkataba, hati ya jarida au mstari kwenye taarifa ya benki. Akaunti nne ndizo zilizobadilisha ripoti.

### Mali za kudumu na uchakavu wake

Rejesta ya mali ilionyesha kwamba malori mawili yaliuzwa katikati ya mwaka baada ya njia moja ya usambazaji kufungwa. Yalikuwa bado mapya kiasi: gharama yake 600, uchakavu uliokwishahesabiwa 130, thamani iliyobaki vitabuni 470. Yaliuzwa kwa 540, na hapo ndipo ilipotoka ile faida ya 70.

Ukianza na 5,000, ukatoa 600 ya malori yaliyouzwa, unabaki na 4,400. Mwisho wa mwaka ni 6,100. Kwa hiyo mali mpya ni 1,700, wala si 1,100. Kwenye uchakavu limbikizi vivyo hivyo: 1,800 pamoja na 280 ya mwaka, toa 130 iliyoondoka na malori, unapata 1,950. Ile 130 iliyokuwa imepotea imeonekana.

Rasimu ilikuwa imeyameza mauzo ya malori yote. 600 ilipunguza ununuzi, 130 ikapunguza uchakavu, na 70 ikabaki ndani ya faida ya uendeshaji. Zikusanye: 600 toa 130 ni 470, ongeza 70 ni 540. Fedha zote za malori zimo kwenye rasimu, ila zimesambazwa vipandevipande sehemu tatu bila jina lake kutajwa popote.

Kuhusu faida ya 70, msomaji mmoja wa ndani aliuliza kwa nini iondolewe ilhali fedha zake ziliingia kweli. Ziliingia, lakini ziliingia zikiwa sehemu ya 540, na 540 yote inawekwa kwenye uwekezaji. Ukiiacha 70 kwenye faida umeihesabu mara mbili. Kuitoa ni kuihamisha.

Kisha zikapekuliwa hizo 1,700 za mali mpya. Malori mapya ya 1,000 yalilipwa kwa fedha, na benki inaonyesha. Mashine ya kufungashia ya 500 haikupita kwenye akaunti ya kampuni hata kidogo, kwa kuwa benki ilimlipa muuzaji moja kwa moja na kuongeza deni la kampuni. Rafu za ghala za 200 zilifungwa mwezi wa mwisho wa mwaka, na ankara yake haijalipwa.

### Mkopo

Salio la mwanzo 2,000, jumlisha 500 ya mashine, toa marejesho ya 200, mwisho 2,300. Ongezeko la 300 ambalo rasimu iliita "mkopo uliopokelewa" halikuwa fedha zilizopokelewa. Ni 500 isiyo fedha iliyokatwa na 200 ya fedha zilizotoka.

Kuhusu ile 500 palikuwa na mabishano ya haki. Mmoja wa timu alisema benki ilikuwa kama wakala wa kampuni, kwa hiyo ionyeshwe mkopo wa 500 umeingia na ununuzi wa 500 umetoka. Mkurugenzi aliamua vinginevyo. IAS 7, kiwango cha kimataifa cha taarifa ya mtiririko wa fedha, inataka miamala ya uwekezaji na ufadhili isiyotumia fedha iachwe nje ya taarifa na kuelezwa kwenye maelezo ya ziada, na inataja mfano wa kupata mali kwa kubeba deni linaloambatana nayo. Kampuni haikuwahi kuwa na mamlaka juu ya fedha hizo hata kwa saa moja. Uamuzi huo naona ulikuwa sahihi, ingawa mkataba ambao benki inaweka fedha kwanza kwenye akaunti ya mkopaji ungeleta jibu jingine.

### Wadai

Rafu za 200 zilikuwa zimeandikwa kwenye leja ya wadai pamoja na wauzaji wa bidhaa. Kwenye mizania hakuna kitu kinachozitofautisha. Zilionekana pale tu orodha ya wadai ilipochapishwa jina kwa jina, na likatokea jina ambalo idara ya ununuzi wa bidhaa haikulitambua.

Ongezeko la wadai wa bidhaa lilikuwa basi 170, wala si 370. Tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote kwa upande wa sharti la benki, na ndiyo rahisi zaidi kupita bila kuonekana. Mtu akiweka 370 anasema kampuni ilijipatia nafuu ya fedha kwa kuchelewa kulipa bidhaa. Ukweli ni kwamba haikuwa imelipa rafu, na rafu si gharama ya mwaka huo; hazikuwahi kupunguza faida ya 740, kwa hiyo hakuna cha kurudisha.

### Gawio

Bodi ilitangaza gawio la 300. 180 ililipwa, 120 ikabaki. Deni la gawio ni deni kwa wenye hisa, na badiliko lake linafuata gawio lenyewe kwenye ufadhili. Mhasibu aliliweka kwenye uendeshaji kwa sababu mizania ililipanga chini ya madeni ya muda mfupi, na mazoea ya wengi ni kuchukua kila kilicho chini ya kichwa hicho na kukipeleka uendeshaji. Mazoea hayo hufaa kwa wadai na kodi. Hayafai kwa gawio, wala kwa sehemu ya mkopo inayoiva ndani ya mwaka, wala kwa wadai wa mali za kudumu.

Akaunti zilizobaki hazikuwa na jambo. Kodi: 140 jumlisha 260 toa 190, iliyolipwa ni 210, na risiti zikakubali.

## Taarifa iliyosahihishwa

| | Rasimu | Sahihi |
|---|---|---|
| Faida baada ya kodi | 740 | 740 |
| Uchakavu | 150 | 280 |
| Faida ya kuuza malori | – | (70) |
| Ongezeko la wadaiwa | (420) | (420) |
| Ongezeko la stoki | (150) | (150) |
| Upungufu wa gharama zilizolipwa kabla | 30 | 30 |
| Ongezeko la wadai wa bidhaa | 370 | 170 |
| Ongezeko la kodi inayodaiwa | 50 | 50 |
| Ongezeko la gawio lisilolipwa | 120 | – |
| Uendeshaji | 890 | 630 |
| Ununuzi wa mali za kudumu | (1,100) | (1,000) |
| Mauzo ya malori | – | 540 |
| Uwekezaji | (1,100) | (460) |
| Mkopo | 300 | (200) |
| Gawio lililolipwa | (300) | (180) |
| Ufadhili | 0 | (380) |
| Badiliko la fedha | (210) | (210) |

Chini ya taarifa yakawekwa maelezo kwamba mashine ya 500 ilinunuliwa kwa mkopo bila fedha kupita, kwamba rafu za 200 hazijalipwa, na kwamba riba iliyolipwa ni 210 na kodi iliyolipwa ni 210. Tarakimu hizo mbili kulingana ni bahati tu.

Uendeshaji ulishuka kwa 260. Ukizichambua, wadai walikuwa wameongeza 200, gawio 120 na faida ya malori 70, jumla 390. Uchakavu uliopungua ukarudisha 130. Yaani kosa lililomshtua mkurugenzi ndilo pekee lililokuwa likiipunguzia kampuni sura nzuri. Angesahihisha hilo tu na kulazimisha ripoti ibalanse kwa kuongeza 130 kwenye ununuzi wa mali, uendeshaji ungekuwa 1,020, mbali zaidi na ukweli kuliko rasimu yenyewe.

## Maamuzi baada ya hapo

630 kwa 2,300 ni asilimia 27.4. Sharti limevunjwa.

Palizuka wazo la kuhamisha ankara ya rafu iwe ya mwaka unaofuata. Wazo hilo lisingesaidia hata kama lingekuwa halali, maana kuiondoa kungepunguza wadai na mali za kudumu kwa kiasi kilekile, na uendeshaji ungebaki 630. Mwingine akapendekeza riba ya 210 ihamishiwe ufadhili, jambo ambalo IAS 7 huruhusu, na uendeshaji upande hadi 840. Mkurugenzi alikataa: kampuni ilikuwa imeiweka riba kwenye uendeshaji miaka yote iliyotangulia, mkataba ulisainiwa kwa msingi huo, na kubadili utaratibu mwaka uleule sharti linapovunjika ni jambo ambalo mkaguzi angelihoji siku ya kwanza.

Waliamua kwenda benki wenyewe na taarifa sahihi, kabla ya ukaguzi kuisha. Walipeleka taarifa zote mbili, ya rasimu na ya mwisho, na jedwali la tofauti. Sababu yao ilikuwa ya kivitendo. Benki ingeipata tarakimu ya 630 kutoka kwenye hesabu zilizokaguliwa vyovyote vile, na taarifa za akaunti za kampuni zilikuwa mikononi mwake. Ilijua kabisa kwamba haikutoa 300 taslimu.

## Matokeo

Benki ilitoa msamaha wa maandishi kwa mwaka huo, kwa sharti kwamba gawio la 120 lisilipwe hadi robo mbili za mwaka zipite na taarifa ya mtiririko wa fedha iletwe kila robo. Wenye hisa walikubali kusubiri.

Msamaha huo ulikuja baada ya mwisho wa mwaka, na hapo kampuni ikapata pigo ambalo haikulitarajia. Kwa viwango vya kimataifa, sharti likivunjwa kufikia tarehe ya mizania na mkopeshaji akapata haki ya kudai deni papo hapo, mkopo huo unapangwa kama deni la muda mfupi, hata kama mkopeshaji amesamehe baadaye kabla hesabu hazijaidhinishwa. Mkopo wote wa 2,300 ukahama. Kabla ya hapo ni 200 tu ya mkopo iliyokuwa kwenye muda mfupi, na mali za muda mfupi za 4,620 zilikuwa mara 2.3 ya madeni ya muda mfupi. Baada ya kuhama zikawa mara 1.1. Kosa la kupanga mistari kwenye mtiririko wa fedha lilikuwa limeficha jambo kwenye mizania.

Bodi nayo ilibadilika lugha. Kwa rasimu, hadithi ilikuwa kwamba biashara inazalisha 890 na inawekeza kwa nguvu. Kwa taarifa sahihi, fedha za mwisho wa mwaka ni 410, na 540 ilitokana na kuuza malori mawili. Bila mauzo hayo, ambayo hayatajirudia, akaunti ingekuwa chini ya sifuri kwa 130. Kikao kilichofuata kilizungumzia ongezeko la 420 la wadaiwa kuliko jambo jingine lolote.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni ulinganisho mdogo wa mkurugenzi: uchakavu wa taarifa moja na uchakavu wa nyingine. Hauhitaji leja yoyote, unachukua dakika moja, na ukipishana ujue kuna mali iliyouzwa au kutupwa ndani ya mwaka. Ndugu yake ni kutazama kama taarifa ya faida na hasara ina faida au hasara ya kuuza mali huku uwekezaji hauna mauzo. Hapa kulikuwa na faida hiyo, ila mstari wa "mapato mengineyo" uliifunika.

Ulinganisho na taarifa za benki ulifaa kwa uwekezaji na ufadhili, kwa sababu mafungu hayo yana miamala michache na mikubwa. Kwa uendeshaji haufai sana. Kukusanya malipo yote ya wateja ni kuandaa taarifa kwa njia ya moja kwa moja, kazi nyingine kabisa. Uendeshaji unalindwa kwa kuhakikisha kwamba kilichomo kwenye wadaiwa, stoki na wadai ni cha biashara ya kila siku tu.

Ndiyo maana leja ya wadai ndiyo iliyokuwa udhaifu halisi wa mfumo. Kuchanganya wadai wa bidhaa na wadai wa mali za kudumu hakuonekani kuwa kosa mwaka mzima. Mizania ni sahihi, faida ni sahihi, na kila muuzaji analipwa. Athari yake inatokea mara moja tu kwa mwaka, kwenye ripoti hii. Kampuni ilifungua akaunti ya pembeni kwa wadai wa mali za kudumu, na huo nadhani ulikuwa uamuzi bora kuliko kuongeza hatua nyingine ya ukaguzi kwenye lahajedwali.

Kuna kilichoshindikana hata baada ya marekebisho. Mkaguzi alipopitia akaunti ya mkopo muamala kwa muamala alikuta mkopo wa muda wa 400 uliochukuliwa kununua stoki na kurudishwa baada ya miezi mitano, ndani ya mwaka uleule. Salio la mwanzo halikuwa nao, salio la mwisho halikuwa nao, na timu ilikuwa imetosheka pale 2,000, 500 na 200 zilipofika 2,300. Kwa kuwa muda wake ulizidi miezi mitatu, haukuruhusiwa kuonyeshwa kwa tofauti peke yake. Ufadhili ulipaswa kuonyesha 400 zilizoingia na 600 zilizorejeshwa, badala ya 200 peke yake. Jumla ya ufadhili haikuguswa, lakini msomaji anayetaka kujua kampuni ilitegemea mikopo kiasi gani alikuwa amenyimwa jibu. Akaunti ya T iliyojazwa hadi ifike kwenye salio ina udhaifu uleule wa ripoti iliyobalansi: inatoshelezwa na mabaki.

Limebaki jambo moja ambalo kampuni na benki hazijalimaliza. Mkataba unataja "fedha zitokanazo na shughuli za uendeshaji" bila kueleza riba inakaa wapi. IFRS 18, kiwango kipya cha kimataifa cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, inaanza kwa vipindi vya kuanzia tarehe 1 Januari 2027, na pamoja nayo IAS 7 inabadilika: njia isiyo ya moja kwa moja itaanzia kwenye faida ya uendeshaji badala ya faida baada ya kodi, na kampuni kama hii italazimika kuweka riba iliyolipwa kwenye ufadhili. Kwa tarakimu za mwaka huu uendeshaji ungekuwa 840, sawa na asilimia 36.5 ya deni, na sharti lingetimia bila hata senti moja ya ziada kuingia. Benki imeshaomba kifungu hicho kiandikwe upya.